Jibu: High linakwama, Low halitazamiki

"Wakuu, gemu jipya nikiweka High linakwama, Low sura zinakuwa kama uji. Nianzie wapi? Laptopu ina kadi ya picha ya GB 4."

Salama mkuu. Kwanza chomeka chaja, kwa betri vipimo vitakudanganya. Weka Medium, simama sehemu moja yenye pilikapilika, soma fremu kwa sekunde. Kisha shusha rezolusheni peke yake. Fremu zisipopanda, prosesa ndiyo imebanwa, na kuhangaika na Textures ni kujichosha bure.

Zikipanda, kadi ndiyo imeelemewa. Rudisha rezolusheni, maana sasa kazi ndiyo inaanza. Medium ni kifurushi tu cha mipangilio mingi. Ukigusa mmoja, jina linageuka Custom, usishtuke. Badilisha kimoja, rudi palepale, pima. Mimi hapa Area C, Dodoma, nilianza na fremu 41. Shadows nilipoishusha Low zikafika 50. Textures nikaipandisha High, fremu hazikusogea, nikafurahi. Dakika kumi baadaye kila nikigeuza kamera picha inashtuka. Memori ya kadi ilikuwa imejaa. Nikairudisha Medium, mishtuko ikaisha.

Pima tena baada ya nusu saa ya kucheza. Kwa jua letu hili la Oktoba, laptopu ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, na utalaumu mipangilio isiyo na kosa.