Puti saba nililipia, ya nane nikaiacha

"Wakuu, nipo Ujiji. Nina hisa 300 za SPY kwa dalali wa Marekani, tangu 2015. Nataka ninunue puti kila miezi mitatu ziwe bima. Nichague bei ipi ya kuuzia, na kodi ikoje?"

Puti hukupa haki ya kuuza hisa zako kwa bei iliyopangwa hadi tarehe fulani, hata soko likianguka. Usinunue hata moja kabla hujajijibu hili: mwaka wa nne unaanza, soko limepanda tu, puti 12 zimekwisha muda bila kukulipa senti. Utanunua ya 13? Kama una shaka, usianze.

Mimi nipo hapo Mwanga. Desemba 2016 nilikuwa na hisa 100 za SPY, mfuko unaofuata kampuni kubwa 500 za Marekani, moja kama dola 225. Nikanunua puti ya miezi mitatu yenye bei ya kuuzia asilimia 5 chini ya soko. Mkataba mmoja hulinda hisa 100, nami nililipa kama dola 230, yaani asilimia 1 hivi. Inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni asilimia 4, na ile asilimia 5 ya mwanzo soko likishuka bado ni hasara yako.

Mwaka 2017 soko lilipanda kwa utulivu, puti zote zikafa. Hadi Juni 2018 nilikuwa nimenunua saba, karibu dola 1,800 zimekwenda. Septemba nikachoka, ya nane sikununua. SPY ilikuwa dola 293. Mkesha wa Krismasi ikafunga kwenye 234, hisa zangu zikapungua thamani kama dola 5,900. Ile puti niliyoiacha, ya bei ya kuuzia 279, ilipofika mwisho wake Desemba 21 ingenilipa karibu dola 3,800. Peke yake ingerudisha gharama za zile saba na kubakiza.

Halafu kosa la pili: siku hiyohiyo ya mkesha nikakimbilia puti mpya. Hofu ikipanda, fahirisi ya VIX hupanda, na bei ya puti huenda nayo. Nikalipa kama dola 900, mara nne ya ile ya kwanza. Katikati ya Machi 2019 SPY ilikuwa imerudi 281. Zote 900 zikapotea.

Mkufunzi aliyetufundisha mtandaoni, kwa ada yetu, alirudia kila somo kwamba "ni kama bima ya gari". Hajawahi kutuonyesha hesabu ya miaka kumi. Bima ya gari bei yake haipandi mara nne kwa sababu barabarani kuna ajali leo. Bado nina uchungu naye.

Kwa hiyo tenga pesa ya puti ya miaka kumi kwanza, ununue kwa tarehe ileile bila kutazama habari. Huwezi? Uza robo ya hisa, weka hatifungani za serikali. Soko likianguka asilimia 20, hasara yako inakuwa 15, na hulipi premiamu, yaani bei ya puti. Mimi ndivyo nilivyofanya 2019. Wewe utahitaji mikataba mitatu kila mara. Niambie hizo hisa unapanga kuziuza mwaka gani, tupige hesabu pamoja.