Surua ya pili ya miezi 18

Swali: "Nesi ameandika kwenye kijitabu kwamba mtoto arudi akiwa na miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Ya kwanza alipata akiwa na miezi 9. Je, hii ni busta? Na nikichelewa tutaanza upya?"

Dada, hamtaanza upya, na ingawa wengi kliniki huiita busta, kazi yake hasa ni nyingine. Busta hupewa mtu ambaye mwili wake ulikwisha kujenga kinga, lakini kingamwili zake zimepungua kadiri miaka ilivyopita, kama zile sindano za pepopunda tunazorudia katika mimba za baadaye. Surua ya pili inamtafuta mtoto ambaye ile ya kwanza haikumshika kabisa.

Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake, ambazo humlinda kwa miezi kadhaa. Chanjo ya surua nayo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho lazima kiongezeke kidogo mwilini ndipo kinga ijengeke. Kingamwili za mama zikiwa hazijaisha, hukizima mapema. Kungoja hadi mwaka mmoja kungepunguza tatizo hilo, lakini kungewaacha wazi watoto ambao ulinzi wa mama umekwisha. Kwa hiyo miezi 9 ni maafikiano.

Chukua watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi 9. Takriban 85 hupata kinga, na 15 waliobaki huwezi kuwatambua kwa macho wala kwa kijitabu, kwa kuwa wote wameandikiwa tarehe ileile. Surua huambukiza kwa kasi mno, hivi kwamba kinga ya jamii huhitaji takriban watu 95 kati ya 100 wawe wamekingika. Hata wazazi wote wa ploti moja kule mtaa wa Pipeline wakipeleka watoto mara ya kwanza, bado idadi haifiki, na anayeumia ni kichanga wa miezi 5 wa mlango wa pili ambaye umri wa chanjo haujamfikia. (Pepopunda haina kinga ya namna hii, kwani vimelea vyake hutoka udongoni, si kwa jirani.)

Kuhusu kuchelewa, mwanangu wa pili alipata penta ya kwanza, chanjo inayokinga kifaduro na magonjwa mengine, akiwa na wiki 6, kisha tukakwama mashambani na kupitisha tarehe ya wiki 10. Tuliporudi Nairobi, nesi alimpa ya pili siku hiyohiyo na kuandika ya tatu baada ya wiki 4, kwa sababu mwili hausahau dozi iliyotangulia. Kosa ni kuharakisha: dozi iliyotolewa kabla ya wiki 4 kwisha haihesabiwi. Hasara ya kuchelewa ni kwamba katika muda huo mtoto hakuwa na kinga kamili dhidi ya kifaduro.

Kwa hiyo hata akifika miezi 20, mpeleke, na kabla ya kuondoka hakikisha tarehe imeandikwa kwenye mstari wa dozi ya pili.