Nilihesabu majina ya kabila langu, nikashindwa udiwani

Juzi kijana mmoja anayetaka kugombea udiwani aliniandikia: "Kaka, kabila letu ndilo lenye watu wengi katika kata. Si nimeshapita?" Ujumbe ule ulinichoma, maana hayo ndiyo yaliyoniangusha mimi.

Usiku kucha nilikaa na daftari la wapiga kura na penseli, nikitia alama kila jina la kikwetu. Chama kilikuwa na muda mfupi na fedha kidogo. Ahadi ya barabara mpiga kura hana pa kuipima, lakini jina na lafudhi anavitambua papo hapo, akaamini kwamba huyu hatamsahau. Ndiyo maana vyama hukimbilia kabila. Mimi nilihesabu, nikaona karibu daftari zima ni watu wangu, nikalala nimeshinda.

Kumbe katika kata ambamo karibu sote ni kabila moja, kabila halimtofautishi yeyote. Mpinzani wangu alikuwa wa kabila hilohilo. Watu wakaulizana sisi ni wa ukoo gani, na ukoo wangu ni mdogo. Bado inaniuma.

Baadaye nilisoma habari za Wachewa na Watumbuka, waliokatwa na mpaka wa kikoloni kati ya Malawi na Zambia. Mtafiti Daniel Posner alilinganisha vijiji vya pande zote mbili. Malawi, Wachewa walikuwa takriban asilimia 28 ya nchi na Watumbuka 12, idadi inayotosha kujenga chama. Katika uchaguzi wa 1994 ngome ya chama cha MCP ilikuwa Kanda ya Kati kwa Wachewa, na ya chama cha AFORD Kaskazini kwa Watumbuka, wakawa wapinzani. Zambia, walikuwa kama asilimia 7 na 4 tu. Kila kundi peke yake lisingefika popote, hivyo wakasimama pamoja kama watu wa Mashariki. Lugha na mila ni zilezile kuvuka mpaka. Kilichobadilika ni ukubwa wa kundi ndani ya uwanja wa ushindani.

Basi, kijana, usiseme "watu wetu hupiga kura hivi tangu enzi". Pima hivi: uwanja ukibadilika, kutoka kata hadi taifa, je, wale wanaoitana "sisi" wanabadilika? Wakibadilika, unaona mkakati wa wanasiasa. Wakibaki walewale kila uwanja, hata pale umoja huo unapowakosesha ushindi, hapo ndipo useme kabila limeganda. Hata damu haitoshi kuthibitisha hilo. Kenya, Wakalenjin na Wakikuyu waliumizana Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007, na 2013 wengi wao wakapigia kura tiketi moja ya Kenyatta na Ruto. Sisemi walikuwa wamesameheana. Kura moja haifuti makaburi.

Rudi kwenye daftari lako, ndugu yangu, ufute alama za kabila. Andika ukoo na kitongoji cha kila mtu, kisha unitumie hesabu hiyo.