Taa za chini ya makabati: maswali ya wasomaji

Draiva niifiche wapi isionekane?

Draiva, yaani kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti za taa, ikae juu ya makabati ya ukutani, mahali unapofika kwa kupanda kigoda. Usiifukie kwenye plasta wala kuibana nyuma ya kabati. Joto likikosa pa kutokea, draiva hufa mapema kuliko taa zenyewe, na kuibadilisha itabidi ubomoe. Isikae juu ya jiko pia, mvuke na mafuta yataiharibu.

Umeme wa volti 230 uishie huko juu. Kinachoshuka kiwe waya wa volti 24 tu, ambao ni mwembamba na hufichika kwa urahisi. Toboa tundu la milimita 8 kwenye ubao wa juu wa kabati na jingine kwenye ubao wa chini, yote kwenye kona ya nyuma. Pitisha waya konani ndani ya tranki nyembamba ya plastiki, na kila rafu uikate pembe kidogo ili tranki ipite. Chini ya kabati, waya ufuate ubao wa pembeni hadi mbele, kwa sababu utepe wa taa hukaa mbele, nyuma ya ukingo wa kabati. Ukiubandika nyuma, utamulika ukuta huku kaunta ikibaki gizani.

Nina utepe wa mita 3. Draiva ya wati 30 inatosha?

Hujataja wati kwa mita, na wengi wenu mnasahau hivyo hivyo. Isomeni lebo kabla ya kuuliza! Tuseme ni 9.6: mara 3 ni wati 28.8. Draiva ya 30 itafanya kazi kwa nguvu zake zote muda wote na itachemka. Ongeza asilimia 20, unapata karibu 35, kwa hiyo nunua ya wati 36 au 40. Volti zake zilingane na za utepe.

Mwanga wangu ni hafifu, utepe ni wa volti 12. Kosa liko wapi?

Pima volti pale utepe unapoanza, taa zikiwa zimewaka. Kwa mfano, wati 28.8 kwa volti 12 ni ampea 2.4. Waya wa milimita 0.5 za mraba wenye urefu wa mita 5 hupoteza karibu volti 0.8, maana umeme huenda na kurudi. Ukisoma 11.2 hapo, weka waya mnene zaidi. Mwanzoni pakiwa sawa na mwisho tu ndio umefifia, lisha utepe kutoka ncha zote mbili, chanya kwa chanya. Anayeanza upya achukue volti 24: ampea hupungua nusu, na upotevu wa volti nao vilevile.

Nikizima, taa bado zinang'aa kidogo.

Huenda swichi ina kitaa chake cha ndani, au inakata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laini, waya unaouleta. Hili la pili ni hatari, kwa kuwa draiva inabaki na umeme hata ukidhani umezima. Zima swichi kuu na umwite fundi umeme leo.

Gundi ya utepe inaachia kila mara.

Ubao una mafuta. Ufute kwa spiriti, au funga reli ya alumini kwa skrubu na ubandike utepe humo.