Ripoti ya kila mwezi ya benki: hesabu ya kumalizia jengo

Haya nawaandikia ninyi mlioingia karibuni kwenye ofisi za wakadiriaji majenzi na wahandisi, mkakabidhiwa kazi ya kuwa macho ya benki kwenye jengo linalojengwa kwa mkopo. Kila mwezi mwenye jengo analeta ombi la kutolewa fedha, na kabla benki haijatoa shilingi inasubiri ripoti yako. Ripoti yenyewe huwa na sura nyingi: picha, ratiba, bima, vibali, usalama. Sura ninayotaka kuizungumzia ni moja tu, ile ambayo ukiikosea hizo nyingine zote hazitasaidia kitu. Ni hesabu ya fedha zinazohitajika kulimaliza jengo, ikilinganishwa na fedha zilizobaki.

Ripoti yangu ya kwanza niliiandika vibaya. Niliweka safu mbili: asilimia ya kazi iliyofanyika na asilimia ya fedha zilizotoka. Zilikaribiana, nikaandika kwamba mradi unakwenda vizuri. Miezi michache baadaye mkopo ulikwisha, na jengo bado halina lifti wala madirisha. Zile asilimia zilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba zote mbili zilikuwa zinatazama nyuma, wakati benki ilikuwa inauliza swali la mbele: nikitoa fedha hizi leo, zitakazobaki zitatosha kulifikisha jengo kwenye kupangishwa? Jengo la biashara lililofika asilimia 90 halina mpangaji, na lisilo na mpangaji halilipi mkopo.

Nitawapitisha kwenye mwezi mmoja wa mradi niliousimamia Dar es Salaam, jengo la maduka chini na ofisi juu, ghorofa 8. Tarakimu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike, na kodi nimeiweka pembeni. Bajeti nzima ilikuwa shilingi bilioni 20. Mkataba wa ujenzi ulichukua 16, ada za wataalamu 1, vibali na bima 0.4, riba na ada za benki 1.6, na akiba ya dharura 1. Mwenye jengo alitakiwa kuweka bilioni 6 zake kwanza, kisha benki ifuate na 14. Muda wa ujenzi ulikuwa miezi 18.

Mwisho wa mwezi wa 11 zilikuwa zimeshalipwa bilioni 9.8: zile 6 za mwenye jengo na 3.8 za benki. Kwa hiyo mkopo ambao haujatolewa ulikuwa bilioni 10.2. Ndipo ikaja hati ya malipo namba 11. Mkadiriaji majenzi wa mwenye jengo alithamini kazi yote iliyofanyika kuwa bilioni 10.4, akaondoa 0.8 ya fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa kwanza, akatoa 8.3 zilizokwisha kulipwa kwa mkandarasi, ikabaki 1.3 ya kulipa. Kazi imefika asilimia 65 ya mkataba, muda umefika asilimia 61. Mtu asiyefika saiti angesema wako mbele ya ratiba.

Saiti usimuulize mtu asilimia, hesabu mwenyewe. Mimi huanza ghorofa ya juu na kushuka kwa ngazi, daftari mkononi, nikiandika kila ghorofa ina nini. Siku ile zege lilikuwa limekamilika hadi paa. Kuta za matofali zilikuwa zimefika ghorofa ya 4, lipu ghorofa ya 2, mabomba na nyaya za ndani ya kuta ghorofa ya 3. Shimo la lifti lilikuwa tupu kutoka juu hadi chini. Nikamuuliza msimamizi wa saiti lifti zimeagizwa lini. Akanijibu, "Bado injinia, wanasubiri bosi asaini bei." Jibu hilo niliona lina uzito kuliko ile asilimia 65, na nitalirudia.

Kabla ya hapo kuna suala la vifaa. Ndani ya zile bilioni 10.4 kulikuwa na 0.6 ya vifaa ambavyo havijafungwa: vigae, nyaya, na fremu za alumini za ukuta wa vioo. Vigae na nyaya nilivikuta stoo ya saiti, nikahesabu maboksi, vikalingana. Fremu za alumini, zenye thamani ya bilioni 0.25, niliambiwa ziko ghala la muuzaji. Nikaenda hukohuko. Fremu zilikuwepo kweli, zimefungwa vizuri kwa nailoni, ila karatasi iliyobandikwa kwenye mafurushi ilikuwa na jina la mradi mwingine. Inawezekana ilikuwa ni karatasi ya zamani tu. Lakini muuzaji akifilisika kesho, benki itasimama mbele ya ghala lile na risiti mkononi, bila chochote cha kuonyesha kwamba fremu ni za jengo lake. Kifaa kilicho nje ya saiti kikubali tu kama mkataba wa mkopo unaruhusu, kama kuna hati inayohamisha umiliki, kama kimewekewa bima, na kama kimetengwa kikaandikwa jina la mradi wako. Hapo havikuwepo vitatu kati ya hivyo vinne, kwa hiyo nikapendekeza zilipwe bilioni 1.05 badala ya 1.3.

Vijana wengi wakishakata namna hiyo huona kazi imekwisha, benki imeokolewa. Hapana. Ile 0.25 uliyoikata haikuondoka kwenye mradi. Italipwa mwezi ujao au mwingine, na bado imo kwenye gharama ya kumalizia. Kukata hati kunailinda benki isilipe mapema. Hakukuambii kama fedha zitatosha.

Kujua hilo, unachukua kila kitu kinachobaki kulipwa kuanzia leo hadi mpangaji anaingia, na unakihesabu upya kwa bei za leo, si kwa kutoa yaliyolipwa kwenye bajeti ya zamani. Kwenye mkataba wa ujenzi bado zilikuwa hazijalipwa bilioni 7.7. Ndani yake mna hati hii ya 11, kazi ambayo haijafanyika ya bilioni 5.6, na fedha za zuio 0.8. Fedha za zuio watu huzisahau sana, kwa sababu kwenye hati zinaonekana kama makato. Ni deni. Nusu yake hudaiwa kazi ikikabidhiwa na nusu nyingine muda wa uangalizi wa kasoro ukiisha, na zisipokuwemo kwenye hesabu yako mkandarasi atakuja kuzidai wakati mkopo umeshakauka.

Kisha nikafungua jedwali la vipimo na bei na kutafuta sehemu ambazo bei yake ilikuwa ya kukisia wakati mkataba unasainiwa. Huko ndiko pengo hujificha, maana zege na matofali bei yake imeshafungwa, lakini lifti, ukuta wa vioo na umeme mkubwa mara nyingi huwekewa kiasi cha kukisia tu. Niliomba nukuu za wauzaji zenyewe, nikakataa kusomewa. Lifti zilizidi kwa bilioni 0.3, kwa kuwa nukuu ilikuwa ya dola na kiasi cha kwenye mkataba kiliwekwa kwa shilingi. Ukuta wa vioo ulizidi kwa 0.5 baada ya msanifu kubadilisha aina ya kioo, na mabadiliko hayo yalikuwa kwenye barua lakini hayajaingizwa kwenye hati yoyote. Transfoma kubwa zaidi na kazi zake, 0.4. Jumla 1.2.

Sasa turudi kwenye shimo la lifti. Muuzaji aliandika miezi 5 tangu alipwe amana hadi mzigo kufika bandarini. Weka muda wa kusaini bei na kulipa amana, kutoa mzigo, kufunga, kujaribu, ukaguzi wa usalama, kisha kibali cha kutumia jengo. Hata nikiipa kila hatua muda mfupi kabisa, nilifika mwezi wa 22. Ratiba ya mkandarasi bado ilikuwa inaonyesha 18. Ucheleweshaji wa miezi 4 una bei yake, na wewe lazima uiandike. Mkopo ukiwa umetoka karibu wote kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kila mwezi wa ziada unakula zaidi ya shilingi milioni 150. Riba iliyobaki nikaihesabu upya kwa miezi 11 badala ya 7, ikafika bilioni 1.6. Ada za wataalamu, pamoja na nyongeza ya muda, 0.4. Dai la mkandarasi la kukaa saiti muda mrefu nikalikadiria 0.2, kwa sababu lifti zilicheleweshwa na mwenye jengo mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo sikuhesabu fidia ya ucheleweshaji kutoka kwa mkandarasi kama fedha ya kuingia, nanyi msifanye hivyo kirahisi.

Ukijumlisha, 7.7 na 1.2 na 1.6 na 0.4 na 0.2, unapata bilioni 11.1. Fedha zilizopo ni 10.2, na humo akiba yote ya dharura imeshamezwa. Pengo ni 0.9. Kazi ya bilioni 5.6 iliyobaki nayo haiwezi kwenda bila akiba hata kidogo, nikaiwekea 0.3. Nikaandika kwamba pengo ni bilioni 1.2.

Hesabu hii niliiweka ukurasa wa kwanza, kabla ya picha na kabla ya ratiba, nikitaja kila tarakimu imetoka karatasi gani. Afisa mikopo si mhandisi, na huenda akasoma ukurasa huo tu. Pia niliangalia kauli zangu. Mshauri wa benki hamwagizi mkandarasi, wala haidhinishi kazi, hiyo ni kazi ya wataalamu wa mwenye jengo. Ukimwambia fundi abomoe ukuta, umeibebesha benki lawama ambayo si yake. Unachoandika ni ulichokiona, ulichokihesabu, na unachopendekeza benki ifanye.

Rasimu nilimpelekea mkadiriaji majenzi wa mwenye jengo siku mbili kabla. Nampa kila mara nafasi ya kunisahihisha, kwa kuwa yeye anakaa na mradi kila siku na mimi nafika mara moja kwa mwezi. Alipinga ile 0.2 ya mkandarasi, akasema haijadaiwa. Nikamwonyesha barua ya mkandarasi ya wiki tatu nyuma iliyotoa taarifa ya ucheleweshaji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo barua tuliiona kama kawaida tu." Ile 0.2 ikabaki ndani ya hesabu.

Mkataba wa mkopo ulikuwa na kifungu cha kawaida: gharama ya kumalizia ikizidi fedha zilizobaki, mwenye jengo aweke tofauti kabla ya fedha nyingine kutoka. Mwenye jengo alikasirika sana kikaoni, nami nilimwelewa, kwa sababu mwezi uliotangulia aliambiwa yuko mbele ya ratiba. Aliuza kiwanja, akaweka bilioni 1.2 kwenye akaunti ya mradi baada ya wiki tano. Benki ikatoa ile 1.05, na siku ileile amana ya lifti ikalipwa. Fremu za alumini zililetwa saiti mwezi uliofuata, nikazihesabu moja moja, nikazirudisha kwenye hati namba 12.