Kuuza koli na puti kwa pamoja: bei ikishuka unabeba hisa 200, si 100

Swali: "Wakuu, nina hisa 100 za kampuni ya Marekani na kila mwezi nauza koli juu yake. Jamaa yangu ananiambia niuze na puti pia, niweke pesa taslimu pembeni kama dhamana, eti primiamu inakuwa mara mbili na hatari ni ileile kwa sababu kila kitu kina dhamana. Ni kweli?"

Mkuu, kwenye primiamu, yaani pesa unayolipwa kwa kuuza mkataba, jamaa yako yuko sahihi. Kwenye hatari amekosea, na ningeomba usibonyeze kitufe kabla hujasoma hadi mwisho.

Mimi naishi Marekani na nauza opsheni, yaani hizo koli na puti, kwa miaka sasa, mkao huu ukiwemo. Kwenye skrini ya broka utauona umeandikwa `Covered Strangle`. Jina hilo ndilo linalowatuliza watu, kwa sababu wanaona dhamana pande zote mbili. Lakini ile pesa uliyoweka pembeni ni dhamana ya jambo moja tu: kwamba utaweza kuzilipia hisa ukilazimishwa kuzinunua. Haikulindi na hasara hata senti moja. Broka ndiye anayelindwa.

Anza na koli unayoiuza sasa. Una hisa na umeuza koli juu yake, yaani umempa mtu haki ya kuzinunua kwako kwa bei ya mkataba: bei ikipanda faida yako ina kikomo, ikishuka hasara yote ni yako, ukipunguziwa na primiamu tu. Sasa mtazame aliyeuza puti, yaani aliyempa mtu haki ya kumuuzia hisa kwa bei ya mkataba, akaweka pesa pembeni. Bei ikipanda anabaki na primiamu, ikishuka analazimika kununua hisa kwa bei ya juu kuliko ya soko. Umbo la faida na hasara ni lilelile. Kwa hiyo anayeshika hisa 100, akauza koli moja na puti moja, kwa hesabu ni sawa na mtu aliyeuza puti mbili za kampuni moja, zenye bei tofauti za mkataba. Hapo ndipo mzigo unapokuwa mara mbili.

Nitatumia Intel, kwa sababu bei zake za siku hizo ziko wazi kwa kila mtu. Tarehe 1 Agosti 2024 hisa ilifunga kwa dola 29.05. Jioni ileile ikatoka ripoti ya robo mwaka, kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi kwa asilimia 15 na kusimamisha gawio kuanzia robo ya nne. Kesho yake ilifunga kwa dola 21.48, anguko la asilimia 26 kwa siku moja.

Chukulia mtu alikuwa na hisa 100 zenye thamani hiyo ya 29.05, akauza koli yenye bei ya mkataba ya 32 na puti ya 26, kila moja kwa senti 80 kwa hisa. Primiamu hizo ni za mfano wangu, bei za hisa ni za kweli. Amepokea dola 160 na ameweka pembeni dola 2,600.

Kama mambo yangemwendea vizuri kabisa, hisa zingechukuliwa kwa 32 na faida yake yote ingekuwa dola 455. Haiwezi kuzidi hapo hata hisa ifike 50.

Upande wa chini, kutoka 29.05 hadi 26 anapoteza kama mwenye hisa wa kawaida, dola 100 kwa kila dola moja inayoshuka. Ikigusa 26, ukiondoa primiamu, hasara ni dola 145 tu, na hapo wengi bado wanalala vizuri. Chini ya 26 kila dola moja inakula dola 200. Kutoka 26 hadi 21.48 ni dola 4.52, yaani dola 904 nyingine. Jumla ni hasara ya dola 1,049. Angeuza koli peke yake angepoteza dola 677. Zile dola 80 za puti zimemletea dola 372 zaidi za hasara.

Tuwe wakweli pia: aliyenunua hisa 200 moja kwa moja kwa bei ileile angepoteza dola 1,514. Kwa hiyo mkao huu si sumu. Tatizo ni la yule anayeuingia akiamini ana hisa 100.

Na kuna kitu kinachomficha ukweli. Siku unayofungua, angalia delta kwenye skrini yako, namba inayoonyesha mkao wako unasogea kama hisa ngapi. Hisa zako ni 100. Koli ya mbali kidogo inakupunguzia kama 25, puti ya umbali huohuo inakuongezea kama 25. Jumla inarudi 100, na akaunti inaonekana kana kwamba hujafanya kitu. Bei ikianguka, koli inakufa na kuacha kukupunguzia, puti nayo inasogea kuelekea 100, na jumla inaelekea 200. Bei ikipanda sana, jumla inaelekea sifuri. Unaongezewa mzigo wakati wa kushuka na unapokonywa wakati wa kupanda. Namba ya siku ya kwanza haikuambii hilo, kwa hiyo piga hesabu ya akaunti yako hisa ikiwa imeshuka asilimia 25 kabla hujauza chochote.

Baada ya kukabidhiwa hisa, yule wa Intel ana hisa 200 ambazo kwa wastani, ukiondoa primiamu, zimemgharimu karibu dola 26.73. Watu husema, "Basi nitaendelea kuuza koli nirudishe hela." Hisa ikiwa 21, koli ya 27 ya mwezi mmoja inalipa kidogo mno. Ukiuza ya 22 unapata primiamu nzuri, lakini hisa ikirudi juu umejifungia hasara mwenyewe. Gawio la kukuliwaza wakati unasubiri halikuwepo tena, na mwisho wa 2024 hisa ilikuwa bado karibu na dola 20.

Mimi naamua kwanza idadi ya juu kabisa ya hisa ninazotaka za kampuni ile. Kama nataka 200, nanunua 100 na kuuza puti kwa zile 100 nyingine, kwa bei ambayo ningenunua hata bila primiamu. Kama 100 ndizo zote ninazotaka, siuzi puti. Na sikai na puti niliyouza ambayo sijaifunga usiku wa ripoti ya mapato, hata primiamu iwe imenona namna gani, maana imenona kwa sababu hiyohiyo.

Ukitaka kuziba shimo, nunua puti ya chini zaidi. Kwa mfano wetu, ya 23 kwa senti 25 ingeshusha hasara hadi dola 922, na muhimu zaidi, chini ya 23 ungerudi kupoteza kama mwenye hisa 100. Kusogeza puti hadi mwezi ujao hakuzibi kitu. Mzigo unabaki uleule kwa muda mrefu zaidi.

Halafu angalia aina ya akaunti yako. Kama ni ya kukopa kwa broka, huenda asizifunge zile dola 2,600 zote, atashika sehemu tu. Ukiitumia iliyobaki kununua kitu kingine, puti yako haina tena dhamana kamili, na bei ikianguka atadai pesa ukiwa huna.

Weka hapa bei uliyonunulia, bei za mikataba unazofikiria, na asilimia ya akiba yako yote iliyo kwenye kampuni hiyo, tuhesabu ya kwako.