Kupanga na kuchuja kwenye shiti ya Excel iliyofungwa

*"Nimefungua seli za kujazia maziwa ya wakulima hapa Njoro, lakini nikishafunga shiti kwa nywila, kupanga majina kunakataa na rangi haibadiliki. Nimekosea wapi?"*

Dada yangu, kufungua seli kunaruhusu kuandika tu. Kupanga, kuchuja na kupaka rangi ni ruhusa za pembeni, na Excel huziacha bila tiki usipoziweka mwenyewe.

Tuseme A ni tarehe, B jina, C lita, D bei, na E ni malipo yenye `=C2*D2`. Bonyeza Review, kisha Unprotect Sheet. Teua A1 hadi D60, vichwa vikiwemo, bonyeza Ctrl+1, ingia Protection na utoe tiki ya Locked. Ukiwa bado umeteua hapo, washa Filter kwenye Data, maana ukishafunga shiti huwezi kuiwasha tena. Sasa rudi Protect Sheet, uweke tiki kwenye Sort, Use AutoFilter na Format cells.

Wengi hunaswa kwenye Sort. Hata ukiitia tiki, Excel hukataa kupanga ikiwa seli moja tu ndani ya eneo hilo imefungwa. Ndiyo maana nimeiacha E nje ya kichujio: inabaki imefungwa, mtu hawezi kuifuta fomula, na mistari ikihama malipo yanajikokotoa upya kwa lita na bei zilizo kando yake.

Ukipanga na bado uone ujumbe wa shiti kulindwa, tafuta seli iliyofungwa kati ya A na D.